Ujumbe Si Kisa

Waandishi wetu wengi wa filamu fupi huanza kazi pale ambapo walipaswa kufikia baada ya safari ndefu. Hushika kalamu wakaandika kwa herufi kubwa: ONYESHO LA KWANZA, NJE, BONDENI, ALFAJIRI. Kisha huieleza alfajiri hiyo kwa ukarimu mkubwa. Ukungu unashuka kutoka milima ya Udzungwa, mto Kilombero unametameta, mpunga umetanda kama zulia, treni ya TAZARA inapita kwa mbali, na ndege weupe wanaruka kwa pamoja. Ukurasa wa pili msichana anateka maji. Ukurasa wa tatu bibi anapepeta mchele. Ukifika ukurasa wa nane, mtu wa kwanza hajataka kitu bado, na filamu yenyewe ilikuwa ya dakika kumi na mbili.

Sisemi kwamba mambo hayo si mazuri. Ifakara na bonde lake ni miongoni mwa sehemu ambazo mwandishi akifika macho yake hupotea. Lakini uzuri wa bonde ni mtego kwa mtu asiyejua anasimulia nini, kwa sababu bonde litampa kurasa bila kumdai chochote. Dai la makala haya ni moja tu. Kabla ya kuandika onyesho lolote, mwandishi wa filamu fupi aandike sentensi moja inayobeba kisa chote, kisha aya moja inayokieleza kisa hicho mpaka mwisho wake. Watu wa filamu huiita ile sentensi loglaini. Mimi nitaiita sentensi ya kisa, maana ndivyo ilivyo. Ile aya ni muhtasari. Na ninaowapinga ni makundi mawili: wale wanaoandika ujumbe mahali pa sentensi hiyo, na wale washairi wenzangu wanaoona kuwa kuiandika ni kuiua kazi kabla haijazaliwa.

Nianze na ujumbe, maana ndio ugonjwa mkubwa zaidi. Sote tumepitia darasa la fasihi ambamo tulifundishwa kuigawa kazi katika fani na maudhui, na chini ya maudhui tukaorodhesha dhamira, falsafa na ujumbe. Mgawanyo huo ni wa msomaji aliyekwisha kusoma. Unamfaa mtu mwenye kitabu kilichokamilika mkononi. Sisi tumeugeuza kuwa njia ya kutungia. Mwandishi anayeulizwa filamu yake inahusu nini hujibu: "Inaelimisha jamii kuhusu umuhimu wa kulala ndani ya chandarua." Wafadhili nao wamelizoea jibu hilo na wanalipenda, kwa kuwa linaingia vizuri katika fomu zao.

Kwa Ifakara jibu hilo lina historia yake. Mji huu umekuwa na maabara ya utafiti wa magonjwa ya nchi za joto tangu miaka ya 1950, alipoianzisha Mswisi Rudolf Geigy, na taasisi iliyotokana nayo inajulikana sasa duniani kote kwa kazi yake juu ya malaria. Mwaka 1996 ulianza mradi wa KINET katika wilaya za Kilombero na Ulanga, ambao uliwauzia watu vyandarua na dawa ya kuvitia, vyote kwa jina la "Zuia Mbu". Nalitaja jina hilo kwa heshima. Ni maneno mawili, kila mtu anayaelewa, na yanamwambia mnunuzi kitu hicho ni cha nini. Kwa chandarua ni jina zuri. Ila halina mtu ndani yake, halina siku, wala hakuna anachoweza kupoteza yeyote. Mwandishi anayejibu kwa ujumbe ameandika jina la bidhaa akadhani ameandika kisa.

Namna ya kuutambua ugonjwa huu ni rahisi. Chukua sentensi ya mwandishi ujiulize inakataza nini. "Filamu inayoelimisha jamii kuhusu chandarua" haikatazi kitu. Inaweza kuwa filamu ya daktari, ya mwalimu, ya mtoto anayekufa au ya sherehe ya kugawa vyandarua. Filamu mia moja zinaingia ndani yake na kila moja ina haki sawa. Sasa mwandishi akifika katikati ya mswada hajui onyesho lipi ni lake na lipi si lake, kwa sababu kila onyesho lenye mbu linahusu. Sentensi ya kisa iliyo sawa hufukuza maonyesho. Ukiwa nayo unajua mara moja kuwa bibi anayepepeta mchele, pamoja na uzuri wake wote, hana kazi hapa.

Tazama filamu fupi ya "Watu Wote", iliyopigwa nchini Kenya na kutoka mwaka 2017, nayo ikateuliwa kuwania tuzo ya Oscar mwaka 2018. Ni ya dakika zipatazo ishirini na mbili, na imetokana na tukio la Desemba 2015, pale wapiganaji wa Al-Shabaab walipolishambulia basi lililokuwa likielekea Mandera, na abiria Waislamu wakakataa kutengwa na wenzao Wakristo. Ujumbe wake mtu yeyote anaweza kuutaja: umoja. Lakini neno umoja lisingeitengeneza filamu hiyo hata kidogo. Kinachoitengeneza ni kwamba ndani ya basi amewekwa mwanamke Mkristo mwenye kinyongo na Waislamu, kisha uhai wake ukawa mikononi mwa hao anaowachukia. Sema hivyo kwa sentensi moja na filamu nzima imesimama mbele yako: nani, wapi, anabeba nini moyoni, na saa ngapi mambo yatamgeukia. Ule umoja mtazamaji atauokota mwenyewe akitoka ukumbini.

Basi sentensi ya kisa ina nini ndani yake? Ina mtu mmoja, asiyetajwa kwa jina bali kwa hali yake, kwa kuwa jina Asha au Neema halimwambii msomaji lolote, ilhali "msichana aliyeachiwa mdogo wake" humwambia mengi. Ina jambo analolitaka mtu huyo leo, si maishani mwake kwa jumla. Ina kizuizi, na ina hasara itakayompata akishindwa au, bora zaidi, hasara itakayompata hata akishinda. Maneno thelathini yanatosha, arubaini ni mengi. Kwa filamu fupi naongeza sharti lingine, kwamba sentensi ionyeshe muda: usiku mmoja, safari moja ya basi, siku ya mnada. Ukurasa mmoja wa mswada ulioandikwa kwa utaratibu wa kawaida huwa takriban dakika moja ya filamu, kwa hiyo mwenye dakika kumi na mbili ana kurasa kumi na mbili, na humo miaka kumi ya maisha ya mtu haiingii.

Maelezo haya ni makavu bila mfano, kwa hiyo nitatunga kisa hapa hapa, msomaji aone kinavyovunjika na kinavyounganika. Sitakimbia chandarua. Nitakichukua hicho hicho kilichotuletea ujumbe, nione kama kina kisa.

Wakulima wengi wa mpunga wa bonde hili wana nyumba mbili. Wana nyumba ya kijijini au mjini, na wana kibanda au dungu shambani, ambako huhamia msimu wa kilimo, maana mashamba yako mbali na ndege hawamsubiri mtu. Mpunga ukianza kutia maziwa lazima pawe na mtu wa kuamia tangu alfajiri mpaka jua kuzama, mwenye kombeo, debe la kupiga na sauti isiyokauka. Mara nyingi mtu huyo ni mtoto. Dunguni hakuna kuta za maana, na mbu wa mbugani hawana idadi. Hapo tayari pana mtu, pana mahali, na pana sababu ya chandarua kuwa kitu cha thamani.

Sentensi ya kwanza inayokuja kichwani ni hii: "Mama mwenye chandarua kimoja analazimika kuchagua kati ya kukifunika kitalu chake cha mpunga kisiliwe na ndege na kumfunika mwanawe asiumwe na mbu." Isome tena. Inavutia kweli. Ina mtu, ina kitu kimoja na mahitaji mawili, na kitalu cha miche ni kidogo kiasi kwamba chandarua kinaweza kukifunika sehemu kubwa. Mwandishi mwenye haraka angekimbilia onyesho la kwanza saa hiyo hiyo, na pengine angeandika kurasa zote kumi na mbili huku machozi yakimlengalenga.

Lakini msomee sentensi hiyo mama yeyote mkulima wa Ifakara, naye atakuuliza kwa upole: "Kwani mwanangu, ndege wa huko kwenu wanakula usiku?" Kisa kimekwisha hapo. Ndege wanakula mchana na mbu waletao malaria huuma usiku. Mama huyu atakitandaza chandarua kitaluni asubuhi, atakitoa jioni, atamfunika mwanawe, na wote watalala salama. Hakuna uchaguzi. Ukijaribu kuokoa mambo kwa kusema kuwa mwizi wa usiku ni panya, utaambiwa kuwa panya hazuiwi na chandarua, atapita chini yake au atakitoboa.

Angalia kilichotokea. Kosa hili ni la sentensi moja, limeonekana kwa swali moja, na gharama yake ni dakika tano. Lingekuwa limezikwa ndani ya maonyesho lisingeonekana, kwa sababu maonyesho yana hila ya kujitetea. Onyesho la mama anayelia kitaluni lingekuwa zuri, onyesho la mtoto anayetetemeka lingekuwa zuri, na mwandishi angeyapenda yote mawili kiasi cha kutosikia swali la mkulima. Hii ndiyo sababu yangu kubwa ya kusema kuwa sentensi itangulie. Sentensi haina vazi. Uwongo wake uko wazi, hata mtu asiyewahi kuona mswada wa filamu anaweza kuugusa kwa kidole.

Tunarudi mwanzo, lakini haturudi mikono mitupu, kwa sababu kosa limetufundisha tunachotafuta. Uchaguzi wa kwanza ulivunjika kwa kuwa chandarua kiliweza kutumika huku kikarudi kule. Tunahitaji matumizi ambayo hayarudishiki. Na matumizi hayo yapo, yanajulikana katika mito na maziwa mengi ya Afrika: chandarua hukatwa kikawa wavu wa samaki. Macho yake ni madogo mno, hunasa hata vifaranga, na kikishakatwa na kuburuzwa matopeni hakiwi tena kitu cha kumlaza mtoto. Mafuriko ya masika yanapopungua, maji hubaki katika madimbwi ya mbugani, na humo mna perege na kambale. Tena ni majira yale yale ambayo chakula cha mwaka uliopita kimekwisha na mpunga mpya haujakomaa. Njaa na samaki na mpunga mbichi vinakutana kwa kalenda ya bonde lenyewe. Sikuvipanga mimi.

Sentensi ya pili basi ni hii: "Dunguni, wiki mbili kabla ya mavuno, msichana wa miaka kumi na miwili aliyeachiwa mdogo wake anayetoka kuugua homa lazima aamue: akate chandarua chao pekee wavue samaki, au akitunze walale tena na njaa."

Hapa jibu si jepesi. Akikata, mdogo wake atakula leo na ataumwa na mbu leo. Asipokata, mtoto dhaifu atashinda siku ya pili bila chakula. Linganisha na kisa kingine ambacho mwandishi wa ujumbe angekipenda sana, cha msichana anayechagua kati ya kulinda mpunga na kumpeleka mdogo wake zahanati. Hicho nacho kina sura ya uchaguzi, lakini mtazamaji ameshajua jibu kabla ya taa kuzimwa, naye atakaa dakika kumi na mbili akimsubiri msichana afikie pale alipo yeye. Mahali ambapo jibu linajulikana hapana kisa, pana somo.

Sentensi hiyo imenipa na mambo mengine ambayo mtayarishaji atayauliza kabla ya kutoa shilingi moja. Watu ni watatu, yaani watoto wawili na mama yao. Mahali ni dungu, shamba na dimbwi. Muda ni siku moja na usiku wake. Imenionya pia kuwa nina mtoto anayeingia majini katika bonde lenye mamba na viboko, kwa hiyo dimbwi la kupigia picha litachaguliwa kwa sababu za usalama kwanza na za uzuri baadaye. Na imefukuza treni. Nimeipenda ile treni, lakini haimo.

Sasa muhtasari. Wengi hudhani muhtasari ni sentensi ile ile iliyonyooshwa, na kwa hiyo huandika nusu ya kisa kisha wakamalizia kwa "Je, atafanikiwa?" Desturi hii tumeirithi kutoka migongo ya kasha za kanda na santuri za filamu za Dar es Salaam, zilizouzwa kwa vipande viwili, na kipande cha kwanza kikamwacha mnunuzi akining'inia. Pale lilikuwa jambo la biashara, na lilieleweka. Filamu fupi haina sehemu ya pili ya kuuza, na anayeusoma muhtasari si mnunuzi wa kufichwa bali ni mwongozaji, mfadhili, au mwandishi mwenyewe anayetaka kujua kama ana mwisho. Sentensi ya kisa yaweza kunyamaza juu ya mwisho. Aya ya muhtasari haina ruhusa hiyo. "Je" iliyowekwa mwishoni mwa muhtasari maana yake karibu daima ni moja, kwamba mwandishi naye hajui.

Nauandika basi wa kisa chetu, na mwisho wake:

"Mama amekwenda Ifakara kutafuta mkopo wa chakula na alipaswa kurudi jana. Dunguni, ng'ambo ya mto upande wa Minepa, binti yake wa miaka kumi na miwili anaamia ndege huku mdogo wake wa miaka sita, aliyepona homa juzi, akilala kivulini bila nguvu. Unga umekwisha. Dimbwini kuna samaki, lakini kombeo na mikono mitupu havivui. Alasiri binti anakishusha chandarua na kukikata katikati. Nusu anaifanya wavu, nusu anaibakiza. Wanapata perege wawili, wanachoma, wanakula. Usiku ile nusu inamtosha mtu mmoja tu. Anamfunika mdogo wake, naye anakaa nje kando ya moshi, akijipiga mbu mpaka kunapambazuka. Asubuhi mdogo wake anaamka na kupiga kelele ya kwanza ya kufukuza ndege, na binti hainuki tena: ana homa."

Ni aya moja, ina mwanzo na mwisho, na lile wazo la kukata nusu silo nililokuwa nalo nilipoandika sentensi. Limezaliwa ndani ya aya, kwa sababu aya ilinidai jibu na mimi sikutaka msichana huyu awe mjinga wala malaika. Alitafuta njia ya tatu, kama watoto wafanyavyo, na njia ya tatu ikageuka kuwa deni analolilipa mwenyewe. Hadi hapo nimeridhika.

Ila mwisho ni wa uwongo, na safari hii anayeuona si mkulima bali ni muuguzi. Mtu akiumwa usiku huu na mbu mwenye vimelea, haugui kesho asubuhi. Vimelea hupita kwanza katika ini, vikazaliana humo kimya kimya, ndipo vikaingia kwenye damu. Homa kwa kawaida hutokea siku kumi hadi kumi na tano baadaye. Kwa hiyo binti yetu asubuhi ile atakuwa amechoka, amevimba vipele, ana usingizi, lakini mzima. Filamu inayomlaza kwa malaria alfajiri ile ile ikionyeshwa Ifakara, mji ambao nusu ya watu wake wana ndugu aliyewahi kufanya kazi na watafiti wa mbu, itachekwa, na itastahili.

Lakini hebu hesabu. Siku kumi hadi kumi na tano. Sentensi yetu ilisema nini juu ya mpunga? Wiki mbili kabla ya mavuno. Mpunga na vimelea vinaiva kwa pamoja! Mwisho wa kweli haupo asubuhi ya kesho, upo siku ya mavuno. Nafuta sentensi ya mwisho ya aya na kuandika nyingine: "Asubuhi mama anarudi na unga, anaona chandarua kilichokatwa na anamchapa binti, ambaye hajitetei. Wiki mbili baadaye, siku ya mavuno, mama na mwana wanakata mpunga kwa mundu. Mama anamwita binti ashuke, anaita tena, na juu ya dungu, ndani ya jua kali, binti amejikunyata akitetemeka chini ya ile nusu ya chandarua."

Kisa kimekuwa kingine kabisa. Kabla ya hapo kilikuwa kisa cha adhabu ya papo kwa papo. Sasa adhabu imekuja siku ya furaha, wakati wote wameshasahau, na mama ndiye anayelazimika kuunganisha siku mbili hizo kichwani mwake. Wala filamu haidai kwamba kila aumwaye huugua. Inadai tu kuwa huyu aliugua. Nani angeligundua hili akiwa katikati ya onyesho la saba, akihangaika na maneno ya mama? Onyesho la saba linashughulika na sauti, mwanga na nani anasimama wapi. Mpangilio wa siku kumi na nne hauonekani humo. Unaonekana katika aya, kwa kuwa aya ni fupi kiasi cha jicho kushika mwanzo na mwisho kwa pamoja.

Nageukia sasa kundi la pili, la washairi wenzangu. Wao husema kuwa kazi ya sanaa hujifunua inapoandikwa, na anayejua mwisho kabla ya mwanzo ni karani. Nashangaa kulisikia neno hili likitoka kwa watu wa tarbia. Malenga anayetunga shairi lenye kibwagizo hukipata lini kibwagizo chake? Hukipata kabla, au mapema sana, maana kila ubeti utaishia hapo, na kina cha mwisho kinamsubiri kila mara. Kabla ya kuandika ubeti wa kwanza ameshakubali mishororo minne, ameshakubali mizani kumi na sita, na hakuna aliyemwita karani. Ndani ya mipaka hiyo ndimo anamoshangaza. Tena atakwambia mwenyewe kuwa ubeti ulio mgumu kufika kwenye kibwagizo ndio unaomfunua shairi lake linasema nini.

Sitaki kulinganisha kupita kiasi. Kibwagizo husikika, sentensi ya kisa haisikiki. Mtazamaji hatakiwi kuijua wala kuihisi. Na kuna filamu fupi ambazo kweli hazina sentensi, ambazo ni picha na mdundo tu, kama kuna mashairi ya taswira tupu. Anayetaka kutengeneza filamu ya ukungu wa Udzungwa, dakika sita, bila mtu, aitengeneze. Mimi nitakuwa wa kwanza kukaa kitini. Ninachokikataa ni mtu mwenye kisa anayejificha nyuma ya ukungu ili asiulizwe kisa chenyewe ni kipi.

Wapo pia wanaosema kwamba sentensi ikishaandikwa inamfunga mwandishi. Tumeona wenyewe hapa kuwa haimfungi. Sentensi yetu imebadilika mara moja na aya mara moja, na zitabadilika tena maonyesho yakianza kuandikwa. Tofauti ni kwamba zikibadilika tunajua kilichobadilika. Onyesho likikataa kuingia, mwandishi ana swali la kujiuliza: je, onyesho ndilo lisilofaa, au sentensi ndiyo iliyokosea? Ikiwa ni sentensi, airudie, aisome kwa sauti mbele ya mtu, ndipo aendelee. Asiye nayo hana pa kurudi. Atasahihisha onyesho la nne mara kumi na moja, na tatizo liko katika la kwanza.

Kuisoma kwa sauti nakusisitiza. Msomee mtu asiyekuhurumia, kisha nyamaza, usiongeze maelezo. Akiuliza "halafu ikawaje?" una kisa. Akisema "ni jambo muhimu kwa jamii", rudi mezani.

Na muhtasari wetu bado una tundu moja. Mama alipaswa kurudi jana. Kwa nini hakurudi? Zamani jibu lingekuwa tayari: kivuko. Aliyetaka kutoka Ifakara kwenda ng'ambo alisubiri pantoni, na pantoni ikiharibika au mto ukifura alilala kandoni. Tangu daraja la Magufuli lilipozinduliwa mwaka 2018 jibu hilo halipo. Mwandishi anayelitaka pantoni lake inabidi aandike katika sentensi kuwa ni mwaka 2010, kisha atafute pantoni la kupigia picha. Mimi ningependa mama wa leo. Amekwenda kwa mfanyabiashara wa mchele kuomba gunia la unga, na dhamana yake ni huu mpunga ambao binti anauamia. Mfanyabiashara amemwambia asubiri, anataka kwanza kumtuma kijana wake akauone ukiwa shambani. Mama amelala usiku wa kwanza barazani kwake. Kijana bado hajatumwa.